Seli ya Kwanza

Matanga yalipokwisha, Shurie Gelle aliifungua betri ya lori lake kwa mikono yake mwenyewe, akaipakia kwenye mkokoteni wa punda juu ya gunia la nyasi, na kuipeleka kwa Olow fundi akitembea kando yake njia nzima. Hakutaka ilale upande. Hakutaka hata itikisike. Mwenye kesi humchunga shahidi wake, na Shurie alikuwa na kesi iliyomkaa kooni kama mwiba wa mgunga.

Mdogo wake Awil, kitindamimba wa mama yao, alikuwa dereva wa lori hilo. Lilikuwa limelala Modogashe pamoja na msafara wa kwenda Wajir, maana katika vita hivi na shifta, waasi wa porini, hakuna gari lililoruhusiwa kutembea bila msafara wa askari. Alfajiri magari yote yaliwaka isipokuwa lake. Stata ilitoa mlio mmoja ikanyamaza. Msafara haumngoji mtu. Vumbi lake lilikuwa limeshatulia watu walipofanikiwa kulisukuma lori likawaka, na Awil, kijana wa haraka, akakanyaga mafuta kuwafuata wenzake. Doria iliyokutana na lori lililo peke yake katika barabara ile haikuuliza, ilifyatua risasi. Hizo zilikuwa siku ambazo lori lililo peke yake lilikuwa lori la shifta mpaka lithibitishwe vinginevyo, na maiti hathibitishi kitu.

Shurie hakuwaweza askari. Nani aliwaweza? Mtu anayeonewa na simba humtafuta fisi. Shurie alikuwa na fisi wake tayari, na jina lake lilikuwa Bulle Abdille, mwenye duka la vipuri pale Garissa, aliyemuuzia betri ile mwezi Machi akaapa kwamba itazeeka pamoja na lori.

Nyumbani, mtaa wa Waberi, mama yake Shurie, Batula, hakuwa amekunja jamvi la maombolezo. Kila jioni Shurie aliporudi, kikongwe yule alimwuliza neno moja tu kabla ya salamu: "Ameanguka?"

"Bado, hooyo."

"Usimpe mkono mpaka aanguke."

"Sitampa."

Olow aliiweka betri juu ya meza ya mbao, akaifuta, akafungua vifuniko sita. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yalikuwa malalamiko juu ya mgongo wake. Alichukua haidromita, ile chupa ndefu yenye mpira kichwani na boya ndani, akaivuta asidi ya kila seli kwa zamu na kusoma pale boya lilipoelea. Kisha akashika uma wa mzigo, chombo chenye ncha mbili zinazobanwa juu ya vichwa vya madini ya risasi vya seli moja kuona kama itasimama ikibebeshwa kazi. Alirudia mara ya pili bila kuombwa.

"Tano nzima," alisema. "Hii ya kwanza, upande wa kulia kwenye chanya, imekufa."

"Sema tena."

"Imekufa, Shurie. Nyingine zimejaa, kwa asidi yetu hii ya nchi za joto. Hii ni kama maji matupu."

Shurie alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Olow akatazama pembeni, maana tabasamu lile halikuwa zuri kutazama.

Aliandika barua usiku huohuo, kwa Kiswahili alichokiokota Thika alipokuwa utingo. Barua za Kisomali zilikuwa zikizuiwa posta zikisubiri mkalimani, nayo yake hakutaka izuiwe hata nusu saa. Aliiandika nakala tatu, mkono wake ukisaga karatasi.

*Garissa, 21 Julai 1966.*

*Kwa Bulle Abdille, Duka la Vipuri, Garissa. Nakala kwa kampuni ya betri, Nairobi. Nakala kwa Bwana DC, Garissa.*

*Bulle,*

*Tarehe 4 Machi mwaka huu nilinunua kwako betri mpya ya lori, volti kumi na mbili, kwa shilingi 210 taslimu, risiti namba 318. Kadi ya dhamana ni namba 0772. Uliipiga mhuri wewe, na inasema miezi kumi na miwili. Alama iliyogongwa kwenye risasi ya betri ni ileile iliyo kwenye kadi. Asidi uliijaza wewe mbele yangu, ukaichajisha wewe.*

*Betri imekufa tarehe 9 Julai, mwezi wa tano haujaisha. Dinamo imepimwa, inachaji vizuri, wala haizidishi. Mkanda umekaza. Sanduku halina ufa. Maji yaliyoongezwa ni maji ya betri yaliyonunuliwa kwako.*

*Olow fundi amepima betri ikiwa imepumzika. Kuanzia upande wa chanya: seli ya kwanza 1080, ya pili 1240, ya tatu 1235, ya nne 1240, ya tano 1240, ya sita 1235. Kwa uma wa mzigo, seli tano zinasimama juu ya volti moja na nusu. Ya kwanza inaanguka mpaka karibu na sifuri.*

*Dereva au dinamo ikikosea, seli zote sita huumia pamoja. Hapa imekufa moja peke yake. Kosa basi ni la ndani ya betri, na betri ni yako. Nadai betri mpya kwa mujibu wa kadi, na kampuni ijue ni mtu gani inayempa mali yake auze.*

*Neno la mwisho ni la Serikali. Betri hii ilifia mahali ambapo lori likikosa msafara hubaki peke yake porini. Bulle aulizwe kwa nini mali yake hufia huko, na nani anafaidika.*

*Shurie Gelle.*

Aya ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa kisu. Zilizotangulia zilikuwa ala tu. Kila mtu Garissa alijua kilichompata mtu ambaye jina lake lilipelekwa kwa DC, mkuu wa wilaya, na swali nyuma yake. Kuna waliochukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo, na wake zao mpaka leo hawajui wanasubiri mfungwa au marehemu. Shurie naye alijua. Aliisoma aya ile mara mbili, akaona tamu.

Asubuhi alimpelekea Bulle nakala yake mkononi, dukani, wateja wakiwa wamejaa. Ya Nairobi na ya DC alikuwa nazo mfuko wa shati. Bulle alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko cha kuuzia vitu. Alianza kusoma akiwa amesimama, akamalizia ameketi.

"Walaal, ndugu yangu," alisema taratibu, "hili neno la mwisho unalijua maana yake?"

"Mimi ndiye niliyeliandika."

"Nina watoto."

"Mama yangu naye alikuwa na mtoto."

Bulle aliikunja barua, na hofu ilipompanda, uchungu wa mfanyabiashara ulipanda nao. "Haya. Dhamana ina kanuni. Betri huchajishwa, hupimwa tena, ndipo muuzaji hukubali au hukataa. Nipe haki hiyo moja. Kwa Olow, mbele ya watu. Nikishindwa, peleka karatasi zako unakotaka."

Shurie alikubali papo hapo. Angewezaje kukataa? Alitaka kumwona Bulle akishindwa hadharani kwanza, halafu ndipo ampeleke kwa DC. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, husema watu wa pwani, ila Shurie hakuwa amewahi kukaa pwani.

Olow aliichajisha betri tangu jioni hiyo mpaka mchana wa siku ya pili, moto mdogo, vifuniko wazi. Watu wanane au tisa walikuja kushuhudia, wengine wao wakiwa hawana lori wala baiskeli. Seli tano zilikuwa zikichemka povu safi. Ya kwanza ilikuwa na povu hafifu, na Olow alipoinama juu yake alirudisha kichwa nyuma upesi, akikunja pua.

"Njoo unuse," alimwambia Bulle.

Bulle alinusa. Kisha akanusa Shurie. Haikuwa ile harufu kali ya asidi anayoijua kila mwenye gari. Ilikuwa harufu ya dawa wanayotia hospitalini kusafishia maji ya kunywa, ile inayowasha macho.

Olow aliivuta asidi kwa haidromita. Seli ya kwanza ilikuwa imepanda kidogo mno, 1110, basi. "Chumvi," alisema. "Chumvi ikichajishwa ndani ya asidi hutoa harufu hii. Mtu ametia maji ya chumvi humu. Na si mara moja."

Bulle alivuta pumzi ya mtu aliyetolewa kamba shingoni. Angenyamaza hapo, lakini mtu aliyetishwa mbele ya wateja wake hanyamazi. "Dhamana haikubali uchafu," alisema kwa sauti ya kufika nje. "Dereva wako alikuwa anatia maji ya kisima. Mvivu wa kununua maji ya chupa. Amejiua mwenyewe, na wewe unataka kuniua mimi."

Watu wawili walimshika Shurie kabla mkono wake haujafika. Kumwita mwongo angevumilia. Lakini Awil, aliyekuwa akiifuta betri ile kama sahani ya wali, kuitwa mvivu naye yuko chini ya udongo, hilo halikuvumilika.

"Chupa zake za maji ya betri ziko nyumbani," alisema. "Zina karatasi ya duka lako. Nakwenda kuzileta. Na nikirudi, Bulle, nikitoka hapa nitakwenda moja kwa moja ofisini kwa DC."

Alifika Waberi na jasho limemlowesha. Batula alikuwa jamvini, tasbihi mkononi.

"Ameanguka?"

"Leo ataanguka. Hooyo, Awil alikuwa akiweka wapi chupa za maji ya lori?"

Mama yake alionyesha pembe ya chumba. Chupa tatu zilikuwa pale, mbili tupu na moja nusu, zote na karatasi ya Bulle. Shurie alizikusanya kwa furaha ya mtu aliyeokota kisu chake kilichopotea. Kando yake palikuwa na chupa ya nne, ndogo, ya kijani, imezibwa kwa kitambaa.

"Hiyo iache," alisema Batula. "Hiyo ni yangu. Ni tahlil ya shekh."

Shurie alijua tahlil, nani asiyejua? Maji yaliyosomewa Kurani, ya kunywa, ya kunyunyiza mlangoni, ya kumpaka msafiri kifuani. Alikuwa ameshageuka kuondoka mama yake alipoendelea, akizungumza zaidi na tasbihi kuliko na yeye.

"Nilimwomba shekh aisomee kwa ajili ya barabara ile. Awil hakutaka kunywa, alisema inamkera tumbo. Basi nikasema, lori nalo hunywa. Nilimwona akilinywesha maji kwenye yale matundu yake, pale chini ya ngazi ya mlango. Kila alipokuwa anajiandaa, akiwa ndani anavaa, mimi nilikuwa nakwenda na kulitilia kidogo. Tundu la kwanza la kulia tu, kwa bismillahi, ili kila kitu kianzie kuliani. Hakuna safari hata moja aliyokwenda bila maji ya Mungu." Aliinua macho. "Hilo ndilo linanipa usingizi, Shurie. Mimi upande wangu nilimtimizia."

Shurie aliweka chupa za Awil chini moja moja. Alikwenda pembeni, akafungua kitambaa cha chupa ya kijani, akatia kidole na kukionja. Maji yalikuwa na chumvi kama machozi. Mashekh wengi husomea maji pamoja na chumvi kidogo ili yasiharibike, na hakuna shekh duniani aliyewahi kufikiri kwamba maji yake yatanyweshwa betri.

Alisimama hapo, kidole mdomoni kama mtoto. Alitafuta hasira yake yote ya siku zile, ile iliyomfanya ale na kulala na kuandika, aishike na kusimama nayo. Ilikuwepo bado, nzima na ya moto, lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Ilimzunguka mama yake, ikamkuta mikunjo usoni na tasbihi mkononi, ikarudi kwake.

Angemwambia nini? Kwamba Awil amekufa kwa mapenzi yake? Kikongwe yule angelia siku ngapi kabla ya kumfuata mwanawe?

Na kama angesema tu kwamba hana dai tena, watu wangeuliza kwa nini. Garissa huuliza. Jibu lingezunguka vibanda vya chai mpaka limfikie jamvini. Njia nyingine ilikuwa rahisi kuliko zote: afuate alichoanza, Bulle achukuliwe, na mama apate jibu la swali lake la jioni. Shurie aliipima njia hiyo pia. Tusimfanye malaika, aliipima, na alipotoka nje karatasi ya DC ilikuwa bado mfukoni.

Kwa Olow watu walikuwa wameongezeka. Bulle alipomwona hana chupa mkononi, aliinua nyusi.

"Ziko wapi?"

Shurie alitoa zile nakala mbili mfukoni. Aliichana ya DC kwanza, vipande vidogo vidogo, kisha ya Nairobi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyetia maji. Kule Hadado, tulipokwama mwezi wa tano. Maji ya kisima. Na mara nyingine tena, nyumbani. Nilikuwa sitaki kununua chupa. Awil hakujua. Awil alikuwa akitia maji safi siku zote, na atakayesema vingine atakutana na mimi."

Olow alimtazama. "Tundu moja tu, Shurie? Mara zote? Wewe, uliyeshika usukani tangu kabla mimi sijashika spana?"

"Tundu moja. Nilikuwa na haraka."

Jibu lile halikumtosha fundi, lakini Olow alikuwa na mgongo wa kuuguza, akaliacha. Bulle ndiye ambaye hakuacha kitu. Aliomba kalamu na, juu ya goti lake, aliandika chini ya barua aliyopewa: *Dai limekataliwa. Seli ya kwanza ina chumvi. Mwenye lori amekiri.* Akampa Shurie asome, akamfanya aweke sahihi mbele ya wote.

"Ulitaka nichukuliwe," alisema, sauti imeshuka sasa lakini mbaya zaidi. "Kwa uvivu wako wa chupa moja. Nitalisema hili kila kibanda cha chai, Shurie. Nitalisema mpaka watoto walicheze."

"Sema," alisema Shurie. "Sema kwa sauti."

Bulle alisema. Kabla ya magharibi Garissa nzima ilijua kwamba Shurie Gelle alimuua mdogo wake kwa ubahili, kisha akatafuta shingo ya kuivalisha kosa. Shurie aliporudi nyumbani alikuta jirani mmoja anatoka, kanga imefunika mdomo. Alisimama mlangoni akingojea lile swali. Batula hakuuliza. Alikuwa ameugeuzia mlango mgongo.

Siku chache baadaye Bulle alikuja kutoa pole ambayo wakati wa matanga alizuiwa kuitoa. Batula alimpokea kwa heshima kubwa, akamtandikia, akamtilia chai ya maziwa kwa mkono wake. Shurie alibaki uani, maana hakuruhusiwa tena kukaa chumba kile mama akiwemo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Batula. "Nilikuapiza bure. Adui nilimnyonyesha mimi mwenyewe. Hebu fikiri, Bulle. Mimi kila safari nikiitia betri ile maji ya Mungu, tahlil, kwenye tundu la kulia. Na yeye nyuma yangu akija kuitia maji ya chumvi."

Kikombe cha Bulle kilisimama njiani. Alikirudisha chini bila kunywa. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimtazama Shurie, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta wa uani hana pa kuficha uso wake.

"Mungu amrehemu Awil," alisema Bulle. Hakusema lingine siku ile, na tangu siku ile hakulisema tena jambo hilo kwenye kibanda chochote. Lakini maneno yake ya kwanza yalikuwa yameshakwenda, na neno likitoka halirudi.

Shurie alinunua betri mpya kwake. Bulle aliijaza asidi, akapiga mhuri kadi, kisha bila kuulizwa akaweka juu ya kaunta kufuli ndogo ya shaba.

"Ya sanduku la betri," alisema, na hakuitia kwenye risiti.

Msafara wa kwanza wa mwezi wa nane Shurie aliendesha lori mwenyewe, maana dereva hakuwa naye. Alijiandaa alfajiri, akalifunga sanduku la betri kwa kufuli ile, akalitikisa kuhakikisha. Kisha akaingia ndani kuchukua shuka lake na kuaga.

"Hooyo, naondoka. Barabara ileile."

Batula alikuwa macho, amelala kaelekea ukutani. Tasbihi ilikuwa ikienda, punje baada ya punje, na haikusimama.

Shurie alitazama pembeni. Chupa ya kijani ilikuwa mahali pake, imejaa mpaka shingoni, na kitambaa chake kilikuwa kimefungwa kama alivyokifunga yeye siku ile. Hakuna aliyeigusa kwa ajili ya safari yake.

Alisimama kidogo na ufunguo wa kufuli mkononi. Kisha akatoka, akaliwasha lori, nalo likaitika mara ya kwanza.